Timu ya bara ikishuka pwani: mizani, turubai na barafu

Shule zimefungwa na Desemba imefika, na kama kawaida ya mwezi huu, wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka wanachangia mashindano ya vijana. Anayeuza mchele atanunua jezi, mwenye malori atatoa usafiri, wa duka la jumla atatoa kombe na mbuzi wa mshindi. Timu za chini ya miaka 15 na chini ya miaka 17 zinapanda mabasi ya usiku kutoka Limuru, Arusha na Kabale kwenda kucheza Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Tunalipenda jambo hili. Vijana waliocheza pamoja wakiwa na miaka 14 watafanya biashara pamoja wakiwa na miaka 30.

Lakini yapo mazungumzo ambayo hayafanyiki katika vikao vya maandalizi. Tunazungumza posho za waamuzi, spika za muziki na mahali pa kulala. Hatuzungumzi kwamba mtoto aliyezaliwa na kukulia mahali penye urefu wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, akashuka pwani kwa usiku mmoja, anaingia uwanjani na mwili ambao bado haujui kujipoza katika hewa ile. Na mara nyingi anaingizwa saa nane mchana, kwa sababu mfadhili anataka mechi ichezwe watu wa soko wakiwa bado wapo.

Tuanze na kinachotokea ndani ya mwili, maana bila kukielewa hicho kanuni zote zitaonekana ni usumbufu. Misuli inayokimbia inazalisha joto jingi. Mwili hulitoa joto hilo kwa njia mbili kubwa: damu hupelekwa kwenye ngozi, na jasho hukauka juu ya ngozi. Neno lenye uzito hapo ni kukauka. Jasho linalodondoka chini halijapoza kitu, limepoteza maji bure. Limuru hewa ni kavu na ya baridi, jasho hukauka kabla hujaliona. Tanga mwezi Desemba hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka hadi kwenye soksi, na joto linabaki ndani. Ndiyo maana nyuzi 32 za pwani si sawa na nyuzi 32 za Garissa, na ndiyo maana kusoma joto kwenye simu peke yake kunadanganya.

Wataalamu wa michezo hutumia kipimo kinachounganisha mambo hayo. Wana kipimajoto kilichovikwa kitambaa chenye maji, ambacho kinaonyesha jasho litakauka kwa kiasi gani. Wana kingine ndani ya tufe jeusi, kinachoonyesha ukali wa jua. Na wana kile cha kawaida cha hewa. Matokeo yanachanganywa, kile chenye kitambaa kikibeba asilimia 70 ya uzito. Kwenye kioo cha kifaa utaona herufi WBGT. Kwa kipimo hicho, Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, liliweka nyuzi 32 kuwa ndipo mechi isimamishwe wachezaji wapoe na kunywa, na mapumziko hayo yalionekana katika Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014. Jimbo la Georgia nchini Marekani limekwenda mbali zaidi kwa wanafunzi wake. Kipimo kikifika takriban nyuzi 32 mazoezi yasizidi saa moja, na ndani yake dakika 20 ziwe za kupumzika. Kikipita nyuzi 33 na kidogo, hakuna mazoezi ya nje kabisa.

Msomaji atauliza kifaa hicho atakipata wapi. Tunajua hakipo sokoni Horohoro. Lakini hesabu yake inatufundisha jambo tunaloweza kulitumia bila kukinunua. Pwani, hewa ikiwa na nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, jua likiwa wazi, kipimo hicho kinaweza kukaribia nyuzi 32 zile zile ambazo FIFA inasimamisha mechi ya watu wazima wenye madaktari pembeni. Ondoa jua, yaani subiri lishuke au tafuta uwanja wenye kivuli cha minazi na miembe, na kipimo kinashuka kwa nyuzi kadhaa. Saa ya kucheza ni uamuzi wa kamati, wala hauhitaji kifaa. Saa kumi na mbili na robo asubuhi hadi saa mbili na nusu, kisha kuanzia saa kumi na moja jioni: hizo ndizo saa za watoto pwani. Mechi ya saa nane ifutwe kwenye ratiba.

Sasa tuje kwenye kuzoea. Mwili unaofanya mazoezi katika joto kila siku hubadilika. Ndani ya siku chache za mwanzo kiasi cha maji katika damu huongezeka na moyo huacha kupiga kwa kasi ile ya hofu. Baadaye jasho huanza kutoka mapema, hutoka kwa wingi, na huwa na chumvi kidogo zaidi kuliko mwanzo. Kazi yote hiyo huchukua siku 10 hadi 14, na hupotea tena ndani ya wiki chache mtu akirudi kwenye baridi. Kwa hiyo kijana aliyecheza Mombasa mwaka jana haji na kinga ya mwaka huu. Vifo vya vijana mazoezini kwa sababu ya joto, pale ambapo vimehesabiwa vizuri kama Marekani, vimelundikana katika siku za kwanza za mazoezi, si katikati ya msimu. Mwongozo uliotolewa huko mwaka 2009 kwa ajili ya shule za sekondari umejengwa juu ya ukweli huo: siku tano za mwanzo kipindi kimoja tu kwa siku, na vipindi viwili kwa siku visifuatane siku mbili mfululizo katika wiki zile mbili.

Tufanye hesabu ya timu yetu ya Limuru. Wametoka nyumbani jioni, wamepita Mombasa alfajiri, wamevuka Lunga Lunga na Horohoro asubuhi, wamefika Tanga saa nne. Njiani hawajanywa maji, na kila mmoja wetu anayesafiri na mabasi hayo anajua sababu: mtoto anaogopa kumwomba dereva asimame. Hawajalala. Siku hiyo hawafanyi mazoezi hata kidogo, hata kama kocha anataka kuwaonyesha wenyeji kwamba wamekuja kikazi. Wanakula chakula chenye chumvi yake ya kawaida, wanakunywa, wanatembea kivulini jioni. Siku ya pili na ya tatu wanafanya dakika 45 hadi 60 mara moja kwa siku, mpira mwingi na mbio chache. Siku ya nne na ya tano dakika 75. Siku ya sita wanaweza kufika dakika 90 kwa kasi ya mechi, na baada ya wiki ndipo mtu anaweza kufikiria vipindi viwili kwa siku moja.

Hapo ndipo wafadhili wanapokunja uso. Siku sita za kulaza na kulisha watu 22 ni fedha, na mashindano mengi ya mpakani huchukua siku nne au tano tu. Tunakubali. Timu nyingi haziwezi kuja mapema kiasi hicho. Lakini basi kamati ikubali matokeo ya ukweli huo katika ratiba: timu zilizotoka nyanda za juu zisicheze siku ya kwanza, zicheze asubuhi au jioni tu, vipindi vya chini ya miaka 15 viwe vya dakika 25, mchezo usimame dakika 3 katikati ya kila kipindi, na wachezaji wa akiba waingie na kutoka bila idadi kuwekewa kikomo. Na nyumbani kabla ya safari, kwa wiki mbili, vijana wafanye mazoezi mepesi mchana badala ya alfajiri ya ukungu. Haitoshi kuwafanya watu wa pwani, lakini inapunguza mshtuko.

Kuna wanaosema sisi tulicheza juani pekupeku na hatukufa. Waliosimama kusema hivyo ni wale waliobaki. Tena mtoto akicheza chandimu juani mwenyewe, akichoka anakaa chini ya mwembe. Hatari inaanza pale mtu mzima mwenye filimbi anapomzuia kukaa. Zamani hata madaktari waliamini mwili wa mtoto una udhaifu wa pekee katika joto. Mwaka 2011 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilibadilisha msimamo huo: mtoto aliyekunywa vya kutosha anavumilia joto karibu sawa na mtu mzima, na madhara mengi hutokana na mambo ambayo wakubwa wanayapanga, kama vile ukali wa zoezi, mapumziko mafupi na mavazi. Ndiyo maana tahariri hii haiwasemeshi watoto.

Upande wa maji, kanuni ya kwanza ni kwamba maji si zawadi. Bado wapo makocha wanaozuia maji hadi zoezi liishe, wengine kwa kuamini kwamba maji yanaleta kichomi, wengine kwa kutaka kukomaza. Madaktari hao hao wa watoto wanapendekeza kwamba mtoto wa miaka 9 hadi 12 apewe mililita 100 hadi 250 kila baada ya dakika 20, na kijana mkubwa aweze kupata hadi lita moja au moja na nusu kwa saa. Mililita 200 ni chini kidogo ya nusu ya chupa ndogo ya nusu lita. Kwa wachezaji 18 wanaofanya mazoezi ya saa moja na nusu, hesabu inakuja lita 16 hivi. Basi timu iende uwanjani na madumu mawili ya lita 20, moja la wakati wa mazoezi na jingine la baada. Kila mtoto awe na chupa yake yenye jina. Kikombe kimoja cha kuzungushana tukiache, kipindupindu kinapita njia hizo hizo za biashara tunazopita sisi.

Maji matupu yanatosha kwa kipindi cha saa moja au zaidi kidogo, ikiwa mtoto amekula na atakula. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini, ambavyo baadhi yetu tunaviuza kwa katoni, si vya watoto wanaokimbia juani. Tunasema hivyo tukijua tunagusa mifuko ya wasomaji wetu. Madafu ni mazuri na watoto wanayapenda, ila yana chumvi kidogo kuliko inayotoka na jasho, kwa hiyo yasichukue nafasi ya chakula.

Lakini kila mtoto anatoka jasho kwa kiasi chake, na hapa ndipo mfanyabiashara ana kitu ambacho kocha hana: mizani. Mizani ya jukwaa ya kidijitali, ile ya kupimia mahindi au dagaa, inayosoma hadi gramu 50 au 100, inafaa kuliko kipimo chochote kilichopo uwanjani. Mzani wa kuning'iniza usitumike. Mtoto apimwe kabla ya mazoezi, akiwa ametoka kujisaidia na amevaa bukta tu na fulana kavu. Apimwe tena baada ya kumaliza, amejifuta jasho na kuvaa kavu. Kilo moja iliyopungua ni karibu sawa na lita moja ya maji.

Chukua kijana wa kilo 46. Baada ya dakika 75 anasoma kilo 45.2, na chupa yake inaonyesha amekunywa mililita 600. Amepungua gramu 800, ukiongeza alichokunywa jumla ya jasho ni lita 1.4, yaani zaidi kidogo ya lita moja kwa saa. Upungufu wake ni chini kidogo ya asilimia 2 ya uzito wake. Hiyo asilimia 2 ndiyo mstari wa kuangalia: ukivukwa, moyo unapiga kasi zaidi kwa kazi ile ile na joto la ndani linapanda haraka. Kijana huyu hajaharibikiwa, lakini kesho anywe zaidi na mapema, na jioni hii arudishe lita moja na robo hivi, taratibu, pamoja na chakula cha usiku. Asubuhi apimwe. Akisoma 45.9 mambo ni mazuri. Akisoma 45.1, hajarudisha kitu, na kipindi cha siku hiyo anakaa kivulini akitazama wenzake. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi unasema hivyo hivyo.

Mizani inakamata pia kosa la upande wa pili, ambalo watu wengi hawalijui. Mtoto mwingine aliingia na kilo 41.0, akatoka na 41.6. Hakupata nguvu, amekunywa kupita jasho lake. Maji mengi yakizidi, chumvi ya damu inapungua, ubongo unavimba, na dalili zinafanana na za joto: kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, vidole kuvimba. Kumlazimisha anywe zaidi ni kumwongezea ugonjwa. Ndiyo maana hatusemi kunyweni sana. Tunasema pimeni.

Neno moja kwa makocha kuhusu upimaji huu. Uzito wa mtoto usisomwe kwa sauti mbele ya timu, na wasichana wapimwe na mwanamke, faragha. Daftari la uzito si la kuchekea watu.

Wapo ambao hawafai kuingia kabisa siku hiyo. Aliyekuwa na homa au malaria wiki hiyo, aliyeharisha jana, asiyelala. Mwenye selimundu, hata aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu na hajawahi kuugua, kocha ajue mapema, kwa sababu mbio za mfululizo katika joto zinaweza kumwangusha kwa namna ya hatari. Na katika miaka ya 2025 hadi 2027 Ramadhani inaangukia kati ya Februari na Machi, kipindi cha joto kali pwani. Kijana aliyefunga asipimwe kwa mbio za mchana. Mazoezi yake yawe mepesi karibu na magharibi, au yafanyike usiku baada ya tarawehe, na timu mgeni isichukulie hilo kama uvivu.

Tuje sasa kwenye ajali yenyewe. Tarehe 29 Mei 2018, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, kijana wa miaka 19 aitwaye Jordan McNair alikuwa kwenye mazoezi ya mpira wa Kimarekani, mara ya kwanza timu kukusanyika baada ya mapumziko ya wiki kadhaa. Zoezi lilikuwa mbio 10 za mita 100 hivi. Joto la hewa halikuwa la kutisha, lilikuwa karibu na nyuzi 27. Mbio za mwisho alizimaliza akishikiliwa na wenzake. Ripoti ya uchunguzi ilieleza kwamba joto lake la ndani halikupimwa pale na hakutumbukizwa katika maji ya baridi. Zaidi ya saa moja ilipita tangu dalili zianze hadi simu ya gari la wagonjwa ilipopigwa. Uwanja wa mazoezi ulikuwa umebadilishwa dakika za mwisho, na vifaa vya kupozea havikuhamia huko. Alifariki tarehe 13 Juni. Chuo kile kilikuwa na madaktari, barafu na fedha. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "mwingizeni majini sasa hivi".

Huo ni kiharusi cha joto kinachotokana na mazoezi. Joto la ndani hupita nyuzi 40 na ubongo huanza kupotoka. Wengi wamefundishwa kwamba mgonjwa wa namna hii ngozi yake huwa kavu. Kwa mchezaji si hivyo, atakuwa amelowa jasho chapachapa. Wala usiamini kipimajoto cha kwapani au kile cha kuelekeza kwenye paji la uso, maana ngozi iliyolowa inasoma chini wakati ndani kunachemka. Kipimo cha kweli ni cha njia ya haja kubwa, kinachofanywa na mtu aliyefunzwa. Uwanjani kwetu dalili ni tabia: anayumba, anakimbia upande usio wake, anakuwa mkali bila sababu, anajibu vitu visivyohusiana. Muulize jina la kocha, muulize mko mji gani, muulize mechi ni ngapi kwa ngapi. Akikosea, usibishane naye. Tumeona vijana wa namna hii wakidhaniwa wamelewa, wana degedege au wamepandwa na pepo, na muda ukapita kwenye dua na vitunguu puani. Dua na isomwe, lakini isomwe huku akiwa ndani ya maji.

Kanuni hapo ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Ubongo na ini vinaharibika kwa muda ambao joto limekaa juu, na lengo ni kulishusha ndani ya dakika 30 tangu alipoanguka. Kutoka Horohoro hadi mjini Tanga ni kama kilomita 65. Ukimpakia kwenye gari akiwa na nyuzi 41, utamfikisha hospitali akiwa amekaa na nyuzi 41 kwa saa nzima. Kwa hiyo mmoja anapiga simu ya gari, na wengine wanapoza pale pale.

Njia bora ni beseni kubwa, au lile sanduku la plastiki la samaki, lililojaa maji na barafu, kijana akazamishwa hadi kifuani, kichwa kikiwa nje kimeshikiliwa na mtu kwa nyuma na kitambaa cha baridi juu yake, maji yakikorogwa bila kukoma. Asipoachwa peke yake hazami. Pasipo na beseni, chukueni turubai la lori. Mlazeni katikati, watu sita au wanane wainue kingo hadi pawe kama mtumbwi, mimineni ndoo nne au tano za lita 20 zenye barafu, na myatikise maji yampite mwili mzima. Kwa turubai joto linashuka takriban nyuzi 1 kila dakika 6 au 7. Kwa beseni la barafu ni haraka zaidi. Bila kipimajoto, endeleeni dakika 15 hadi 20, au hadi azinduke na kuanza kutetemeka. Kisha ndipo gari. Asinyweshwe kitu akiwa amechanganyikiwa, atapaliwa. Panadoli haisaidii, kwa kuwa hii si homa. Na kumpepea tu huku mmemwagia chupa moja ya maji kichwani hakutoshi.

Barafu inatoka wapi? Kwa wauza samaki wetu. Hakuna mpaka wa pwani wala wa ziwa usio na mtu mwenye barafu alfajiri. Magogo mawili au matatu yakifunikwa kwa pumba za mbao na gunia kivulini yatafika jioni. Barafu hiyo ni ya mwili, isitiwe kwenye maji ya kunywa hata mara moja, kwani hatujui maji yaliyoigandisha.

Tunapendekeza basi kwamba kamati yoyote inayoomba mchango wa wafanyabiashara msimu huu iulizwe maswali kabla ya kupewa fedha. Ratiba ina mechi ya saa nane? Mizani iko kwa nani? Turubai na barafu vitakaa upande gani wa uwanja, na mechi ikihamishiwa uwanja mwingine nani atavihamisha? Nani ana namba za wazazi walio ng'ambo ya mpaka, na nani ameruhusiwa kusaini hospitali kwa niaba yao? Kama majibu hayapo, mbuzi wa mshindi anaweza kusubiri, na bei yake inatosha kununua barafu ya mashindano yote.

Kwa wale ambao tayari wamekwisha kutoa, bado kuna nafasi. Mwenye turubai alilete mechi ya kwanza, alitandike karibu na benchi la wachezaji wa akiba, na vijana wafanye jaribio moja na mwenzao mzima kabla filimbi haijapigwa, ili wajue nani anashika kona ipi.